Chevda Mpya Eldoret: Ratiba Huanzia Kabatini

Ratiba nyingi za kutoa kitafunio kipya tunazoonyeshwa huanza na ujumbe wa kuwatamanisha watu. Sisi tunaona zianzie siku ya uzinduzi, kisha zirudi nyuma hatua kwa hatua. Tuchukue mfano wa akina mama wanne wa Eldoret wanaokusudia kuuza chevda ya mahindi, njugu na dengu, katika pakiti za gramu 100.

Siku waliyoichagua ni Jumamosi, tarehe 7 Novemba 2026. Uasin Gishu huvuna mahindi kuanzia Oktoba hadi Desemba, na fedha za mavuno huingia mjini. Januari ingewakuta wazazi wakihangaikia karo. Ramadhani nayo, inayotarajiwa karibu na tarehe 8 Februari 2027 kwa kutegemea mwandamo, ingewadanganya: mwezi ule vitafunio vya futari hununuliwa kwa wingi, na mtu hajui kama chevda yake imependwa au ni msimu tu uliomsaidia.

Sasa turudi nyuma. Kazi inayokula muda mrefu kuliko zote ni kujua chevda inakaa siku ngapi kabla ya kuharibika, kwani kibandiko lazima kionyeshe tarehe ya mwisho ya matumizi. Ukitaka kuandika wiki nane, pakiti zikae wiki nane. Kwa hiyo akina mama hawa wanakaanga pakiti 32 na kuzifunga tarehe 25 Julai. Ishirini na nne zinabaki kabatini Eldoret, na kila Jumamosi hufunguliwa tatu. Nane zinapelekwa kwa ndugu Mombasa, naye hufungua moja kila wiki. Eldoret iko juu, kiasi cha mita 2,100, na hewa yake ni ya baridi. Joto la pwani huyaharibu mafuta upesi zaidi. Wanachotafuta ni harufu ya mafuta ya zamani, inayoonyesha kuwa mafuta yamebadilika, na chevda iliyolegea isiyolia tena mdomoni, inayoonyesha kuwa unyevu umeingia kwenye pakiti. Ikiwa ya Mombasa imeharibika wiki ya sita, na wananuia kuuza pwani, basi kibandiko kiandikwe wiki tano, hata kama ya Eldoret ingali nzuri. Jaribio linakwisha tarehe 19 Septemba.

Katika wiki hizo hizo wanashughulikia kibali cha alama ya ubora cha Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Wakaguzi hutazama mahali pa kupikia, na sampuli hupimwa maabara. Njugu na mahindi ndiyo hatari kubwa hapa, kwa sababu ya sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini: haionekani, haina ladha, na kukaanga hakuiondoi kabisa. Njugu zilizosinyaa au zenye kuvu zitupwe mapema, lakini hakuna jicho linaloweza kushika nafasi ya maabara. Vyeti vya afya vya wapishi navyo hudumu miezi sita, basi viangaliwe visije vikaisha katikati ya kazi.

Vibandiko vichapishwe baada ya kibali kupatikana. Ikifika tarehe 17 Oktoba kibali hakijaja, ratiba nzima isogezwe wiki mbili, hadi tarehe 21 Novemba. Kuzibana wiki zilizobaki ni kosa, kwani ujumbe ukishatoka hauwezi kuitwa urudi.

Ujumbe wa kwanza ni wa tarehe 24 Oktoba: picha ya bakuli na maneno machache, “Mahindi ya Uasin Gishu, bizari ya Mombasa. Jumamosi ijayo tutakuambieni jina.” Tarehe 31 Oktoba hutajwa jina. Jumatano ya tarehe 4 Novemba hutolewa bei, mahali na saa, na siku hiyo hiyo kukaanga kunaanza. Jambo moja husahaulika: katika WhatsApp, ujumbe unaotumwa kwa orodha ya matangazo humfikia tu aliyeihifadhi namba ya mtumaji. Unaweza kutuma kwa watu 200 ukawafikia 60. Basi tangu Septemba kila anayeonjeshwa chevda aombwe kuihifadhi namba.

Baada ya uzinduzi, daftari liandikwe kila siku: nani kanunua, ngapi, na kama ni mara yake ya pili. Ndugu na majirani waandikwe ukurasa wao peke yao, kwa maana hao hununua kwa mapenzi. Tathmini ni tarehe 28 Novemba, na kipimo kikubaliwe kabla ya kuuza. Hawa wamekubaliana hivi: wateja wasio jamaa wakiwa 80 wiki ya kwanza, angalau 20 warudi kabla ya siku hiyo. Wakirudi tisa, waulizwe wale wasiorudi, kwa simu na kwa upole, kama ni bei, chumvi au pilipili. Chevda irekebishwe Desemba na kuonjeshwa upya. Wakirudi 20 au zaidi, mafuta, njugu na pakiti za Ramadhani ziagizwe mwanzoni mwa Januari.