Bukavu: Katuni inaposema badala ya uso wa msimulizi

Mjini Bukavu, mtu anayesimulia mabaya yaliyompata mara nyingi anaonyeshwa kwenye video akiwa ametoa mgongo, au uso wake umefunikwa na ukungu. Sauti inasikika lakini uso haupo. Anayetazama haoni nyusi zikipanda wala midomo ikikaza kabla ya neno gumu kutoka. Kwa wanawake waliopata matibabu ya ubakaji katika mji huu, ambako hospitali ya Panzi ilianza kazi mwaka 1999, kuficha uso ni jambo la usalama. Lakini kila uso ukifichwa, ushuhuda nao unapungua nguvu.

Njia moja ya kutoka hapo ni katuni. Mwaka 2021, mtengeneza filamu Jonas Poher Rasmussen wa Denmark alitoa filamu ya katuni iitwayo Flee, inayosimulia maisha ya mkimbizi kutoka Afghanistan ambaye jina lake na uso wake vimefichwa. Ile ilikuwa kazi ya wachoraji wengi. Leo telefoni inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo: kamera ya mbele inafuata uso wa mtu, na mchoro unafungua kinywa anapofungua, unakunja nyusi anapokunja.

Telefoni inatuma namba

Programu ya kufuata uso haipeleki picha kwa katuni. Inapima uso mara nyingi kila sekunde, kisha inatoa namba. Kwenye iPhone zenye kihisi cha kina, kuanzia iPhone X ya mwaka 2017, uso unagawanywa katika miendo 52. Mmoja unaitwa `jawOpen`, yaani taya kufunguka, mwingine `browInnerUp`, yaani sehemu ya ndani ya nyusi kupanda. Kila mwendo unapewa namba kati ya 0 na 1. Taya ikifunguka nusu, namba inakuwa karibu 0.5, na katuni inafungua kinywa kwa kiasi hicho.

iPhone hizo zinarusha usoni vinukta zaidi ya 30,000 vya mwanga usioonekana kwa macho, ndiyo maana zinaweza kupima hata gizani. Telefoni nyingi za Android hazina kihisi hicho. Zinatazama picha ya kawaida na kukisia umbo la uso kutoka humo. Kazi inawezekana, lakini inategemea sana mwanga.

Programu moja inayopatikana kwa aina zote mbili za telefoni ni VTube Studio. Inaweza kuonyesha katuni ndani ya telefoni yenyewe, au kutuma namba kwa kompyuta kupitia Wi-Fi. Hapo intaneti si lazima. Inatosha telefoni na kompyuta ziwe kwenye mtandao mmoja, hata ule unaofunguliwa na telefoni nyingine isiyo na vocha.

Sentensi moja, midomo kufunga mara saba

Tuchukue sentensi moja: «Mama alibeba mtoto mpaka Panzi.» Ukiisema polepole mbele ya kioo, utaona midomo ikifunga mara saba: mara mbili katika «mama», mara mbili katika «alibeba», mara moja mwanzoni mwa «mtoto», moja katika «mpaka» na moja katika «Panzi». Katika «mtoto» midomo inajiviringa kwa ajili ya «o» mbili, na mwishoni mwa «Panzi» inatanuka.

Hapa ndipo katuni nyingi zinaharibika. Mtazamaji husamehe «a» isiyofunguka vizuri, lakini hasamehe «b» inayosikika huku kinywa kiko wazi. Kiswahili kimejaa sauti m, b na p, tena mara nyingi zinafuatana, kama katika «mbuzi» na «mpaka». Kosa hilo litarudi karibu katika kila sentensi.

Sababu ya kwanza ni muda. Midomo inafunga kwa «b» kwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kamera ikipiga picha 30 kwa sekunde, inapata picha tatu hivi za midomo iliyofungwa. Lakini mwanga ukiwa hafifu, kamera inaacha kila picha ikae muda mrefu zaidi ili ionekane, na picha zinaweza kushuka hadi 15 kwa sekunde. Sasa imebaki picha moja au mbili tu. Halafu programu inalainisha namba ili katuni isitetemeke, na katika kulainisha huko inachanganya ile picha moja na jirani zake. Kinywa kinakaribia kufunga, kisha kinafunguka tena bila kugusana.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni dirisha. Msimulizi akae akilitazama, asilipe mgongo. Akikaa mgongo kwa dirisha, uso unakuwa mweusi kwenye picha na telefoni inapoteza mpaka wa midomo. Umeme ukikatika jioni na mtu akawasha torchi ya telefoni nyingine, asiiweke chini ya kidevu wala ubavuni. Kivuli chini ya mdomo kinaweza kusomwa kama kinywa kilichofunguka. Mwanga upigwe kwanza kwenye ukuta mweupe ulio mbele yake, urudi usoni ukiwa umetawanyika.

Dawa ya pili iko ndani ya mipangilio. Katika VTube Studio kuna kipimo kiitwacho `MouthOpen`. Msimulizi afunge mdomo bila kuukaza, kisha atazame namba. Mara nyingi haifiki sifuri. Tuseme inasimama kwenye 0.06. Na anapofungua kinywa kwa maneno ya kawaida, tuseme inafika 0.7. Basi kwenye `IN` anaandika 0.08 hadi 0.7, na kwenye `OUT` anaandika 0 hadi 1. Sasa kila namba iliyo chini ya 0.08 inahesabiwa kuwa kinywa kilichofungwa kabisa. Kisha apunguze `Smoothing` ya kinywa peke yake. Ya kichwa inaweza kubaki juu, maana kichwa hakihitaji haraka.

Mwenye kutumia miendo 52 ya iPhone ana jambo jingine la kuangalia. Mtu anaposema «m», taya inaweza kubaki imefunguka kidogo huku midomo imegusana. Kazi ya kuifunga inafanywa na mwendo uitwao `mouthClose`. Mchoraji ambaye hakuutengeneza katika katuni yake atapata mhusika anayesema «mama» kinywa wazi, hata kama telefoni imepima vizuri.

Jaribio la kujua kama yote yamekaa sawa halihitaji chombo chochote: ondoa sauti, tazama sentensi ile, hesabu. Ukipata saba, endelea. Ukipata nne, rudi kwenye mwanga.

Huzuni inayofutika

Kabla ya kuanza, programu inaomba kipimo cha uso uliotulia. Uso wowote inaouona wakati huo inauhesabu kuwa sifuri. Aliyekuja kusimulia msiba mara nyingi anafika uso wake ukiwa tayari mzito, nyusi zimeinuka kwa ndani. Ukibonyeza hapo, huzuni hiyo inakuwa ndiyo hali ya kawaida ya katuni, na wakati wa hadithi haitaonekana tena. Ni vizuri kipimo kichukuliwe mapema, wakati watu bado wanasalimiana na kuzungumzia mambo mengine, mtu akitazama mbele kwa sekunde chache.

Tena, anayelia hufunika kinywa kwa mkono au kufuta macho kwa kitenge. Telefoni ikipoteza midomo, katuni inaganda au kinywa chake kinaruka hovyo. Hapo msimulizi asikatizwe wala kuombwa arudie. Wakati wa kukata picha, sehemu hiyo inawekewa mchoro mwingine, kama njia, mlango wa nyumba au ziwa Kivu, na sauti inaendelea.

Ikiwa sauti inarekodiwa kwa chombo kingine, msimulizi aseme «Pa!» moja kwa nguvu mwanzoni. Midomo inapasuka mara moja, na kwenye sauti inaonekana kama mwiba. Fundi anaweka viwili hivyo pamoja, na maneno yote yanayofuata yanakaa mahali pake.

Uso bado upo

Hatari kubwa inakuja baada ya kazi kwisha, watu wakidhani kwamba katuni imeshaficha kila kitu. Namba zenyewe hazina picha. Lakini baadhi ya programu zinahifadhi pia video halisi ya uso. Live Link Face, ambayo kampuni ya Epic Games iliitoa kwa iPhone mwaka 2020, inapohifadhi rekodi ndani ya telefoni inaweka pamoja faili ya `.csv` yenye namba, na ya `.mov` yenye uso wa mtu na sauti yake. Fundi anahitaji ya kwanza. Ya pili ndiyo ile ambayo msimulizi alikuwa anaikimbia.

Kwa hiyo, kabla ya msimulizi kuondoka, kila faili yenye uso wake ifutwe mbele ya macho yake, na itolewe pia katika sehemu ya vilivyofutwa karibuni. Kupeleka picha mtandaoni kwa kujitegemea kuzimwe tangu mwanzo, si mwisho. Anayerekodi skrini ya telefoni ahakikishe hakuna dirisha dogo la kamera pembeni, maana uso wenye ukubwa wa ukucha unatosha kumtambulisha mtu mtaani kwake.

Inabaki sauti. Jirani wa Kadutu au Bagira anaweza kumtambua mtu kwa maneno mawili tu. Kubadilisha sauti kwa mashine kunaifanya iwe nene au nyembamba, lakini namna ya kuvuta maneno inabaki ileile.

Njia iliyo salama zaidi ni mwenye hadithi kutokaa kabisa mbele ya telefoni. Anasimulia kwa mtu anayemwamini, na mtu huyo, mwenye sauti na uso ambao hauna hatari, anarudia maneno yale mbele ya kamera. Lakini basi nyusi zinazopanda kwenye katuni ni za mrudiaji. Mtazamaji anapata uso tena, ila si wa yule yaliyempata.

Kati ya njia hizo mbili, fundi hana haki ya kuchagua. Anachoweza ni kumwonyesha mwenye hadithi sekunde kumi za kila moja, na kumweleza wazi ni faili gani inabaki ndani ya telefoni. Uamuzi ni wa mwenye uso.