Ukimfasiria shangazi mkataba wa duka: lipi ni hakika, lipi ni la wakili

Mikataba ya kukodi maduka hapa Pwani, kuanzia Malindi hadi Ukunda, mingi huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Anayekwenda kutia sahihi mara nyingi ni mtu aliyefanya biashara miaka ishirini bila kukihitaji. Basi karatasi huletwa kwa yule kijana wa nyumbani aliyesoma: "Hebu nisomee, mwanangu, unambie imesema nini."

Hapo ndipo pana hatari. Shangazi hausikii mkataba, anakusikia wewe. Ukimwambia kwa sauti ile ile kwamba kodi ni elfu ishirini na kwamba "hawawezi kukutoa," yote mawili atayachukua kuwa yameandikwa. La kwanza limeandikwa. La pili ni rai yako ya sheria, na atakayehamisha cherehani siku ya siku ni yeye.

Dawa yake ni kumwandikia muhtasari wa Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili, ambao kila mstari una alama yake. Alama tatu zatosha. HAKIKA ni jambo ambalo karatasi imelisema waziwazi na wewe umelifahamu. WAKILI ni jambo ambalo maneno yake umeyasoma, lakini maana au nguvu yake kisheria si kazi yako kuihukumu. KIMYA ni jambo ambalo shangazi angetaka kulijua na mkataba haukulitaja kabisa. Kando ya kila mstari andika namba ya kifungu, ili wakili au mwenye jengo akiuliza "hili umelitoa wapi?" papatikane mara moja.

Tuchukue mfano. Shangazi anashona na kuuza mabuibui, na amepata chumba cha duka Kibokoni. Mkataba una kurasa nane.

Anza na tarakimu

Majina, tarehe, kiasi cha pesa na muda ndiyo mambo ya HAKIKA. Yanakili kama yalivyo. Kifungu cha 2 kinasema muda ni miaka 5 na miezi 3. Usiandike "miaka mitano hivi" kwa kurahisisha. Tutaona hapa chini kwamba ile miezi mitatu ina kazi kubwa.

Kifungu cha 3 kinasema kodi ni shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kujumlisha VAT. Hapa lugha yetu ina mtego, kwa kuwa neno "kodi" wengine hulitumia kwa pesa za nyumba na kwa pesa za serikali pia. Katika muhtasari shika moja: kodi iwe ya mwenye jengo, na ushuru uwe wa serikali. Kisha mfanyie shangazi hesabu. VAT ni asilimia 16, kwa hiyo ikitozwa ataongeza shilingi 3,200, na kila mwezi atatoa 23,200. Kwamba mkataba umesema VAT iko nje ya zile elfu ishirini ni HAKIKA. Kama mwenye jengo huyu amesajiliwa kutoza VAT ni swali la kumwuliza yeye mwenyewe, naye aonyeshe cheti.

Kifungu cha 4 kinasema kodi itapanda kwa asilimia 10 kila baada ya miaka 2. Kupanda ni HAKIKA. Lakini hakikusema asilimia 10 ya kodi ipi. Ikiwa ni ya kodi inayolipwa wakati huo, itakuwa 22,000 na baadaye 24,200. Ikiwa ni ya ile kodi ya kwanza, itakuwa 22,000 kisha 24,000. Tofauti ni shilingi mia mbili kwa mwezi, ndogo, lakini ni bora iandikwe kabla ya sahihi kuliko kubishaniwa mwaka wa tano. Andika hesabu zote mbili, utie alama ya WAKILI.

Maneno yanayojifanya rahisi

Kuna maneno ya mkataba ambayo kila mtu anayajua mtaani, na kwenye sheria yana maana nyingine. Mkataba wa shangazi una kifungu ambacho ukikifasiri neno kwa neno kitasema mpangaji "atafurahia duka kwa utulivu." Shangazi akisikia hivyo atadhani ameahidiwa kwamba jirani hatapiga muziki. Makusudio yake ni kwamba maadamu analipa kodi na kufuata masharti, mwenye jengo na watu wake hawatamwingilia katika kulitumia duka lake. Andika makusudio hayo, uache ule utulivu.

Kifungu kingine kinatumia neno ambalo kwa kawaida ni dhiki au huzuni. Kwenye mkataba wa kupanga, neno hilo ni kukamata mali ya mpangaji ili kulipia kodi iliyobaki, na lina sheria yake maalumu, Sura ya 293. Mkataba wa shangazi unasema mwenye jengo anaweza kufanya hivyo "bila ilani yoyote." Hapa ndugu wengi huteleza. Mmoja atamwambia, "Hawezi, sheria haimruhusu." Mwingine atamwambia, "Wamesema wanaweza, basi." Kauli zote mbili zimevuka mpaka wa mfasiri. Mstari wa haki ni huu: "Kifungu cha 11: ukikosa kulipa kodi, mkataba unasema anaweza kukamata vitu vyako vya dukani bila kukupa ilani. Kwamba imeandikwa hivyo, HAKIKA. Kama inakubalika, WAKILI."

Angalia pia "lazima" na "anaweza." Kifungu cha dipoziti kinasema mwenye jengo "anaweza" kukata gharama za ukarabati kutoka kwa zile shilingi 40,000 za miezi miwili. Ukifasiri "atakata," umemtisha. Ukisahau neno hilo, umemwahidi pesa zote. Na mkataba haukusema dipoziti itarudishwa baada ya siku ngapi. Hiyo ni KIMYA.

Vifungu viwili vinavyosomwa pamoja

Jambo zito kuliko yote katika karatasi hii limejificha kwenye vifungu viwili ambavyo kila kimoja peke yake ni rahisi kufasiri.

Kenya ina sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mahali pa kuuzia chakula, Sura ya 301. Inamlinda mpangaji wa biashara ambaye hana mkataba wa maandishi, au anao lakini muda wake hauzidi miaka 5. Mpangaji huyo hatolewi wala kupandishiwa kodi mpaka mwenye jengo atoe ilani kwa fomu iliyowekwa na sheria, na ilani hiyo haishiki kabla ya miezi 2 kupita. Asiporidhika, anapeleka shauri kwenye baraza la wapangaji wa majengo ya biashara, lile ambalo mawakili hulitaja kwa herufi BPRT.

Ndiyo maana mikataba mingi ya maduka huandikwa miaka 5 na miezi 3, au miaka 6. Ile ziada juu ya mitano huutoa mkataba nje ya ulinzi huo. Mfasiri akiishia kwenye kifungu cha 2 ataandika: "Hapa shangazi halindwi na baraza."

Lakini twende kifungu cha 15. Kinasema upande wowote unaweza kuuvunja mkataba wakati wowote kwa ilani ya miezi 3. Kwa haraka kinaonekana kibaya kwa shangazi, maana mwenye jengo anaweza kumtoa mwaka wa pili bila kosa lolote. Mpwa mwenye mapenzi atasema, "Tuwaambie wakifute." Angoje kwanza. Sheria ile ile ya Sura ya 301 inasema mkataba wa maandishi unalindwa pia ikiwa una kifungu cha kuuvunja ndani ya miaka 5 ya mwanzo kwa sababu isiyokuwa kukiuka masharti. Maana yake ni kwamba kifungu cha 15 kinaweza kuwa ndicho kinachomrudisha shangazi chini ya baraza, licha ya ile miaka 5 na miezi 3. Ukikifuta kwa nia njema, huenda umeufunga mlango huo kwa mkono wako.

Hapa ndipo mfasiri anapoweka kalamu chini. Vifungu vyote viwili umevifasiri sawasawa, na kila kimoja ni HAKIKA kwa maneno yake. Vikikaa pamoja vinafanya nini, na lipi ni bora kwa biashara ya shangazi kati ya muda mrefu usiovunjika na ulinzi wa baraza, hilo ni la WAKILI. Liwe swali la kwanza, tena liandikwe kwa herufi kubwa.

Na usichukue majibu ya duka ukayapeleka kwenye nyumba ya kuishi. Nyumba ina sheria yake, Sura ya 296, na hiyo inahusu zile ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba nyingi za mjini leo hazimo.

Muhtasari wenyewe

Baada ya kazi hii, karatasi ya shangazi itakuwa na mistari ya namna hii:

Kifungu 2. Muda ni miaka 5 na miezi 3. HAKIKA.
Kifungu 3. Kodi ni 20,000 kwa mwezi. VAT ikitozwa, jumla 23,200. HAKIKA. Aulizwe cheti cha VAT.
Kifungu 4. Kodi inapanda asilimia 10 kila miaka 2. HAKIKA. Asilimia 10 ya kodi ipi: WAKILI.
Kifungu 6. Dipoziti ni 40,000. Anaweza kukata ukarabati. HAKIKA. Itarudi lini: KIMYA.
Kifungu 11. Kukamata mali bila ilani. Imeandikwa: HAKIKA. Inakubalika?: WAKILI.
Kifungu 2 na 15 pamoja. Je, mkataba huu uko chini ya Sura ya 301, na kikifutwa cha 15 itakuwaje?: WAKILI.
Kusajili. Mkataba wa zaidi ya miaka 2 husajiliwa kwenye ofisi ya ardhi. Nani atasajili na nani atalipa: KIMYA.

Juu ya ukurasa andika: "Huu ni muhtasari wa Kiswahili. Mkataba wenye nguvu ni ule wa Kiingereza." Kisha umsomee kwa sauti, akurudishie kwa maneno yake mwenyewe. Akisema "kwa hiyo kila mwezi ni elfu ishirini," hapo utajua mstari wa VAT haujaingia, urudie.

Faida ya alama huonekana kwa wakili. Shangazi hamwekei mezani kurasa nane na kumwambia "nisomee." Anakwenda na mkataba wenyewe, muhtasari, na maswali matatu yenye namba za vifungu. Asiye na uwezo wa kulipa aulize kwanza msaada wa bure; Kituo Cha Sheria, kwa mfano, kina ofisi Mombasa. Wakili binafsi naye atazamwe kama ana cheti cha mwaka huu, na jina lake hutafutwa kwenye mtandao wa chama cha mawakili, LSK.

Akikuuliza mwishoni, "Sasa mwanangu, nitie sahihi au nisitie?" jibu liko kwenye karatasi yenyewe: maadamu mstari wa vifungu vya 2 na 15 bado una neno WAKILI, kalamu ingoje.