Mtu Mmoja, Lenzi Moja, Kioo Kimoja

Mwaka 1897, katika mji mdogo wa Williams Bay jimboni Wisconsin, Marekani, ilifunguliwa darubini ambayo bomba lake lilikuwa na urefu wa kama mita 20. Mbele ya bomba hilo ilikaa lenzi yenye upana wa inchi 40, yaani mita 1.02. Aliyeihangaikia mpaka ikasimama ni George Ellery Hale, kijana wa Chicago ambaye hata miaka 30 alikuwa hajatimiza, na fedha alizitoa tajiri wa tramu aliyeitwa Charles Yerkes. Ilikuwa lenzi kubwa kuliko zote zilizokuwa zikifanya kazi ya kutazama nyota.

Hale huyohuyo ndiye aliyezipa lenzi kisogo. Kabla hajafa mwaka 1938 alikuwa ameanzisha darubini nyingine tatu kubwa, na hakuna hata moja iliyotegemea lenzi kukusanya mwanga. Zote zilitumia kioo kilichobonyea katikati kama sinia.

Hapa Kiswahili kinatutega kidogo, maana kioo ni kile cha dirishani na pia ni kile cha kujitazamia. Katika makala haya kioo ni hicho cha kujitazamia, kinachorudisha mwanga. Ile mali yenyewe inayopitisha mwanga tutaiita glasi.

Lenzi hukusanya mwanga kwa kuupinda unapopita ndani yake, na shida zake zinaanzia hapo. Kwa kuwa mwanga unapenya glasi nzima, glasi hiyo lazima iwe safi mpaka moyoni, bila povu wala mkanganyo. Isitoshe, rangi hazipindwi sawasawa: buluu hupindwa zaidi kuliko nyekundu, hivyo nyota nyeupe hupata ukungu wa rangi pembeni. Mafundi wa Yerkes, kampuni ya Alvan Clark na Wanawe, walipunguza kasoro hiyo kwa kuunganisha lenzi mbili za glasi za aina tofauti. Maana yake nyuso nne za kusugua kwa ustadi uleule, na bado mng'ao wa buluu haukuisha kabisa kwenye nyota kali.

Kubwa zaidi ni uzito. Lenzi haiwezi kuwekewa nguzo katikati, kwani nguzo ingeziba mwanga. Hushikwa ukingoni tu, kama ngozi ya ngoma. Kadiri inavyopanuliwa ndivyo inavyohitaji kuwa nene, na kadiri inavyokuwa nene ndivyo inavyolemewa na uzito wake na kulegea katikati. Darubini nayo haitulii: huinuka na kuinama ikiifuata nyota, kwa hiyo mlegeo unabadilika kila saa, na huwezi kuurekebisha mara moja ukasahau.

Kioo hakina lawama hizo. Mwanga hauingii ndani, unagonga uso wa mbele na kurudi, na rangi zote hurudi kwa pembe ileile. Ndiyo sababu Isaac Newton alitengeneza darubini ndogo ya kioo mwaka 1668. Uso wa kusugua ni mmoja tu. Mgongo uko huru, unaweza kuuwekea mihimili utakavyo.

Mihimili hiyo ilionyesha kazi yake kwenye mradi wa mwisho wa Hale, kioo cha inchi 200, yaani mita 5.08, kilichopangwa kuwekwa Mlima Palomar, California. Kiwanda cha Corning, New York, kilichagua glasi ya Pyrex, ndugu wa ile ya mabakuli ya kuokea, kwa kuwa haitanuki sana kwa joto. Ili kupunguza uzito, mgongo ulifinyangwa kwa vishimo kama sega la nyuki. Machi 1934 walimimina glasi ya moto kwenye kalibu, na baadhi ya matofali ya kufinyangia vishimo yakang'oka na kuelea juu, kwa sababu vyuma vilivyoyashikilia viliyeyuka. Desemba mwaka huohuo walimimina upya. Safari hii donge lilipozwa polepole kwa miezi mingi, maana glasi nene ikipoa haraka hubaki na mkazo ndani na inaweza kupasuka.

Kisha likasafirishwa kwa treni hadi Pasadena, wakaanza kulisugua. Ukilitazama umbo la mwisho unaweza kudhani hawakufanya kitu: sinia la upana wa mita tano limebonyea kiasi cha sentimita 10 tu katikati. Lakini mbonyeo huo si wa mpira. Kioo chenye mkunjo wa mpira hupeleka mwanga wa ukingoni na wa katikati mahali tofauti kidogo, na nyota hutoka na ukungu. Mkunjo unaotakiwa ni wa parabola, unaokusanya miale yote ya nyota iliyo mbele yake kwenye nukta moja, yaani fokasi. Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha kazi, na darubini ilizinduliwa mwaka 1948. Hale hakuiona.

Sasa tuzilinganishe darubini zake mbili. Nguvu ya kukusanya mwanga hutegemea eneo, na eneo hukua kwa mraba wa upana. Kioo cha Palomar ni kipana mara tano kuliko lenzi ya Yerkes, kwa hiyo hukusanya mwanga mara 25. Ukikilinganisha na mboni ya jicho gizani, yenye upana wa milimita 7 hivi, unapata zaidi ya mara laki tano.

Hesabu ya pili ndiyo wengi huikosa. Umbali kutoka kioo hadi fokasi, ukigawanywa kwa upana wa kioo, unaitwa uwiano wa fokasi. Yerkes ni mita 19.4 kwa 1.02, sawa na 19. Palomar ni mita 16.8 kwa 5.08, sawa na 3.3. Mwezi hutoa picha ya sentimita 18 kwenye fokasi ya Yerkes, na sentimita 15 na nusu Palomar. Yaani mwanga mara 25 unamwagwa mahali padogo zaidi, na kila sehemu ya picha inang'aa kiasi cha mara 33. Kwa wingu hafifu la nyota, kazi ya saa nzima Yerkes ingekuwa ya dakika mbili hivi Palomar, ikiwa bamba la picha ni lilelile. Kwa nyota iliyo nukta, uwiano huo hauna neno sana. Kinachoamua ni upana.

Kioo nacho kina deni lake. Fokasi iko mbele yake, njiani mwa mwanga unaoingia, hivyo lazima kitu kizibe kidogo. Palomar mtazamaji mwenyewe alikaa juu ndani ya bomba, kwenye kizimba, usiku kucha katika baridi. Tena uwiano ukiwa mdogo, parabola hutoa nyota kali katikati tu. Ukisogea pembeni, kila nyota huota mkia kama kimondo, ikabidi lenzi ndogo ziwekwe karibu na fokasi kuirekebisha picha. Na utando wa alumini unaorudisha mwanga huchakaa, hivyo kioo hushushwa mara kwa mara kuoshwa na kupakwa upya.

Vioo vimeendelea kukua hadi mita 10 na zaidi, vikiunganishwa kwa vipande. Lenzi ya Yerkes bado ipo Williams Bay, na mpaka leo hakuna lenzi pana kuliko hiyo iliyowahi kuwa lenzi kuu ya darubini ya utafiti wa nyota.