Hesabu Iliyo Nyuma ya Hati ya Makadirio

Mfanyabiashara wa Mpanda anunuaye asali ya warina asali wa Ugalla kwa ndoo, akaipakia katika lori na kuipeleka mijini, aghalabu hupokea hati ya makadirio ya nyongeza kutoka Mamlaka ya Mapato akiwa hana habari ya njia iliyomfikisha mkaguzi kwenye jumla ile. Naye, kwa hamaki au kwa hofu, huandika barua ya kusema kodi ni kubwa mno, asiseme ni kubwa kwa shilingi ngapi wala imezidi mahali gani. Barua ya namna hiyo haina nguvu, kwa sababu sheria ya rufani za kodi imemtwika mlipakodi mwenyewe mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au yamekosewa, na mtu hawezi kubatilisha hesabu ambayo hajaiona.

Tuchukue mfano wa kampuni ya kubuni. Ilitangaza mauzo ya shilingi milioni 400 kwa mwaka, lakini mkaguzi, alipojumlisha fedha zote zilizoingia katika akaunti zake mbili za benki, alipata milioni 480. Tofauti ya milioni 80 akaiita mauzo yaliyofichwa, akaitoza kodi ya makampuni ya asilimia 30, ikawa milioni 24, riba kando. Hati ilisema tu kwamba mapato yametangazwa pungufu.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka hati ieleze namna kodi ilivyokokotolewa na sababu zake, kwa hiyo anayeomba mchanganuo haombi fadhila. Barua yake kwa meneja wa mkoa itaje namba ya hati na mwaka wa mapato, kisha iombe vitu kwa majina yake: jedwali la marekebisho yote, orodha ya miamala ya benki iliyohesabiwa kuwa mauzo, tarehe kwa tarehe, karatasi za kazi zilizotumika kupata jumla ile, na hesabu ya riba mwezi kwa mwezi. Kuomba "nyaraka zote za ukaguzi" ni kumpa afisa njia nyepesi ya kukataa, maana ndani ya jalada huwamo habari za walipakodi wengine na za watoa taarifa, ambazo ni siri. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, ihifadhiwe.

Orodha ile ikipatikana, kazi ni ya subira: kuiweka kando ya taarifa ya benki na kupiga alama mstari mmoja mmoja. Katika kampuni yetu milioni 45 zadhihirika kuwa mkopo wa benki, na mkataba wake upo. Milioni 20 nyingine zilihamishwa kutoka akaunti moja ya kampuni kwenda ya pili, zikahesabiwa mara mbili, mara zilipoingia kutoka kwa mteja na mara zilipoingia katika akaunti ya pili. Zasalia milioni 15 zisizo na maelezo, ambazo kodi yake ni milioni 4.5. Hata hizo zina hoja: kama ni asali iliyouzwa, basi ilinunuliwa pia, na gharama ya kuinunua yastahili kutolewa. Hapa ndipo wafanyabiashara wa asali wanapokwama, kwani mrina asali wa porini hulipwa fedha taslimu naye hana mashine ya risiti. Anayenunua kwake sharti aandike siku ile ile jina, kijiji, idadi ya ndoo na bei, na muuzaji atie sahihi au dole gumba.

Lakini ombi la nyaraka halisimamishi siku. Muda wa pingamizi ni siku 30 tangu hati ilipomfikia mtu, hivyo aliyeipokea tarehe 3 Machi mwisho wake ni tarehe 2 Aprili, ajibiwe barua yake au asijibiwe. Mwenye busara huwasilisha pingamizi kwa sababu alizo nazo tayari, akaeleza bayana kwamba mchanganuo aliuomba tarehe fulani na hajaupata. Pingamizi huambatana na malipo ya theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au ya kiasi kisichobishaniwa, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kwa kampuni yetu, ingawa yakiri milioni 4.5 tu, amana ni milioni 8, isipokuwa Kamishna Mkuu ameombwa na kuridhia kuipunguza au kuisamehe kwa sababu za msingi. Asiyeweka amana wala kupata msamaha, pingamizi lake halipokelewi, hata hesabu zake ziwe sahihi namna gani.

Shauri likifika Bodi ya Rufani za Kodi, barua ile yenye muhuri huonyesha kwamba mlipakodi alitafuta hesabu mapema akanyimwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hati ikikufikia, andika juu ya bahasha tarehe uliyoipokea, na barua ya kuomba mchanganuo iwe imefika ofisini ndani ya juma hilo hilo.