Ukitusalimu kwa lugha ya mama na kompyuta isikuelewe

Mkazi anapoandikia ofisi ya umma kwa simu, mara nyingi huanza kwa salamu ya nyumbani. Tuseme mama mmoja ameandika asubuhi: "Bwakire buya." Kwa Ekegusii, hiyo ni salamu ya asubuhi. Kabla karani hajaisoma, ujumbe unapitia programu ya kompyuta inayotambua lugha na kuitafsiri kwa Kiswahili. Programu hiyo inaweza kuipa salamu jina la lugha nyingine kabisa, na kutoa tafsiri isiyo na maana.

Kosa hili lina sababu. Programu ya namna hii haijui lugha kama mtu anavyoijua. Hutazama jinsi herufi zinavyofuatana na kuzilinganisha na maandishi ya lugha ilizofundishwa. Maneno mawili huipa kidogo sana cha kulinganisha. Isitoshe, lugha yenyewe huenda haimo kabisa katika orodha yake. Kwa mfano, mfumo wa kutafsiri uitwao NLLB, uliotolewa na kampuni ya Meta mwaka 2022, una lugha 200. Kiswahili, Kikuyu, Kikamba, Dholuo na Kisomali zimo. Ekegusii haimo, ingawa sensa ya 2019 ilihesabu Abagusii zaidi ya milioni 2.7.

Lugha isipokuwa kwenye orodha, programu nyingi hazisemi "siijui." Huchagua iliyo karibu nayo kati ya zile zinazozijua. Hata zikionyesha kuwa zina uhakika mkubwa, maana yake ni kwamba lugha hiyo imezishinda nyingine za orodha tu. Dalili ya kosa ni kwamba ukibadilisha herufi moja au ukiongeza neno, jina la lugha nalo linabadilika.

Karani akijibu kwa kufuata tafsiri hiyo, mama ataamini ameeleweka. Ataendelea kueleza shida yake yote kwa Ekegusii, na hapo ndipo hatari ilipo. Tuseme anataka kuuliza kama mtoto wake wa miezi sita apewe matone ya vitamini A. Kwa Ekegusii, sita husemwa "isano na rimo," yaani tano na moja. Programu ikishika "isano" na kuacha yaliyobaki, karani atasoma miezi mitano. Matone hayo huanza kutolewa mtoto akitimiza miezi 6, kwa hiyo mama ataambiwa asubiri, ilhali wakati umeshafika.

Ndiyo maana karani anapaswa kusema ukweli tangu salamu ya kwanza. Jibu lake linaweza kuwa hivi: "Asante kwa ujumbe, mama. Unaonekana kuwa salamu, lakini lugha uliyotumia siielewi vizuri na kompyuta yetu pia haiisomi sawasawa. Je, ni Ekegusii? Ukiweza, tuendelee kwa Kiswahili. Kama ni vigumu, nitamtafuta mwenzangu anayeijua akupigie simu."

Jibu hilo linapokea heshima ya salamu bila kujifanya kuielewa. Linamuuliza mama jina la lugha yake badala ya kumbandika lugha nyingine. Pia linampa njia mbili, ili asiyejua Kiswahili vizuri asiachwe nje. Karani asijaribu kurudisha salamu kwa Ekegusii ya kompyuta, maana mama atadhani amempata mzungumzaji na kuendelea vivyo hivyo.

Mama akajibu: "Ndiyo, ni Ekegusii. Kiswahili najua kidogo. Mtoto ana miezi 6, aletwe kwa vitamini?" Karani naye akarudia alichoelewa kabla ya kujibu: "Nimeelewa kwamba mtoto ametimiza miezi 6. Ni kweli?" Alipothibitisha, aliambiwa amlete zahanati iliyo karibu pamoja na kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, na kwamba matone hurudiwa kila baada ya miezi 6 hadi mtoto afikishe miaka 5.

Katiba ya 2010, Ibara ya 7, inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Ibara hiyohiyo inaitaka serikali ilinde lugha mbalimbali za wananchi. Kwa hiyo salimu kwa lugha yako bila hofu. Baada ya salamu, taja jina la lugha hiyo, kwa mfano "hii ni Ekegusii." Miezi, tarehe na kiasi cha pesa andika kwa tarakimu. Ukipata jibu lisilolingana na swali lako, usilifuate: andika "sijaeleweka" au piga simu uongee na mtu.