Chai ya Alfajiri

Arobaini ya marehemu ilipokwisha, mjane mmoja wa Chang'ombe, mjini Dodoma, alibakiwa na watoto watatu na fedha ya kilo mbili za unga. Akaazimia kuuza chai na maandazi kituo cha basi kabla ya mapambazuko.

Siku ya kwanza, mwezi Juni, alikanda kilo moja saa kumi usiku, akakaanga baada ya nusu saa. Dereva aliuma andazi, akalirudisha sahanini.

"Mama, hili ni jiwe."

Karibu yote yalirudi nyumbani. Watoto wakayala mchana na jioni.

Jirani akamwambia, "Dada, baridi ya Juni huilaza hamira. Kanda usiku mapema kwa maji ya uvuguvugu, ufunike sufuria kwa blanketi. Alfajiri bonyeza kwa kidole: shimo likijaa upesi, ngoja, likijaa polepole, kaanga."

Kilo iliyobaki ilitoa maandazi arobaini. Dereva yule alinunua moja, akalitafuna kimya, kisha akaomba mawili ya utingo wake. Jua lilipochomoza, fedha ya unga wa kesho ilikuwa imefungwa katika pindo la khanga.