Je, Wajua? Bili Moja, Kadi na M-Pesa

Malipo mawili, mauzo ni yale yale

Ukilipa sehemu kwa kadi na sehemu kwa simu, kompyuta ya duka haioni mauzo mawili. Inaona mauzo mamoja yenye mistari miwili ya malipo chini yake. Tuseme mfanyakazi wa shamba la maua la Naivasha ananunua blenda na birika la umeme kwa shilingi 8,700. Mshahara uko benki, na pesa za chama zimeingia M-Pesa, kwa hiyo analipa 6,000 kwa kadi na 2,700 kwa simu. VAT ya asilimia 16 iliyomo ndani ya bei hiyo ni shilingi 1,200. Inahesabiwa mara moja tu, na KRA inapokea ankara moja kupitia eTIMS. Kodi hufuata bidhaa, haijali pesa zimetoka mfuko gani.

Benki na M-Pesa hazijuani kabisa

Hapa ndipo penye utamu! Benki iliyotoa kadi inajua 6,000 tu. Safaricom inajua 2,700 tu. Anayejua 8,700 ni kompyuta ya kaunta peke yake, kama mweka hazina wa harambee anayeshika daftari huku wachangaji wakiwa hawajuani. Kila malipo yakithibitishwa, kompyuta inapunguza baki: 8,700, kisha 2,700, kisha sifuri. Risiti ya mauzo haitoki mpaka sifuri ifike.

Na ikiwa kadi imekubali, halafu M-Pesa ikakosa salio? Hakuna mtandao utakaorudisha pesa za mwingine. Keshia hukusanya baki kwa njia nyingine, au hufuta malipo ya kadi kwenye mashine. Kufuta ni rahisi kabla mashine haijafunga hesabu ya siku, ambayo kwa kawaida hufanywa jioni. Baada ya hapo inabidi marejesho, na hayo huchukua siku kadhaa. Kugeuza malipo ya M-Pesa nako huhitaji ombi la pekee. Ndiyo maana napenda utaratibu wa kadi kwanza, simu baadaye: kinachofutika kwa urahisi kitangulie.

Sifuri ya kwanza si pesa

Keshia akibonyeza kulipisha kwa M-Pesa, ombi linajitokeza kwenye simu ya mteja likiwa na kiasi, naye anaweka PIN yake mwenyewe. Duka haliioni kamwe. Lakini kompyuta ya duka hupata majibu mawili kwa nyakati mbili, na mteja akighairi yanaweza kuonekana hivi:

```
"ResponseCode": "0"
"ResultCode": 1032
```

Sifuri ya kwanza inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Jibu la pili ndilo lenye uamuzi, na 1032 maana yake mteja ameghairi. Kama pesa zingelipwa, hapo pia ingekuwa 0, pamoja na namba ya risiti ya M-Pesa. Mfumo uliojengwa vibaya huridhika na jibu la kwanza, na birika linatoka mlangoni bila kulipiwa.

Kuna hatari ya upande wa pili pia. Mtandao ukisuasua, jibu la pili linaweza kuchelewa ilhali mteja ameshakatwa. Keshia mwenye haraka hutuma ombi jipya, na mteja akiweka PIN tena anakuwa amelipa 5,400 badala ya 2,700. Dawa ni kuuliza kwanza hali ya ombi la awali, na mfumo wa Safaricom unaruhusu swali hilo.

Namba ya risiti ya M-Pesa ina kalenda ndani yake

Itazame herufi ya kwanza: S ni mwaka 2024, T ni 2025. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari, B Februari, na kuendelea. Anayeonyeshwa ujumbe wa zamani kama malipo ya leo anaweza kuushuku kwa herufi mbili tu, kabla hata ya kuangalia kompyuta.

Kesho yake, hakuna 8,700 popote

Mhasibu akitafuta 8,700 kwenye taarifa ya benki hataipata. Pesa za M-Pesa ziko kwenye akaunti ya namba ya Lipa na M-Pesa, na za kadi hufika benki baadaye, mara nyingi zikiwa zimechanganywa na za wateja wengine na ada imeshakatwa. Analinganisha kipande kwa kipande, akitumia namba ya kila malipo.

Birika likirudi, kila mfuko una kikomo chake

Tuseme birika la shilingi 2,900 limerudishwa. Pesa hizo haziwezi kurudi zote kwenye M-Pesa, kwa sababu huko zilitoka 2,700 pekee. Duka linaweza kurudisha zote 2,900 kwenye kadi iliyolipa 6,000, au kuzigawa: 2,000 kwenye kadi, 900 kwenye simu. Vyovyote iwavyo, eTIMS inataka hati moja ya marejesho, inayotaja ankara ile ile ya mwanzo, na VAT inayopunguzwa ni shilingi 400.